Nondo Yenye Ncha Moja Wazi

Mtu akiuliza nondo ya moto itapoa kwa kasi gani, vitabu vya hisabati huwa na majibu mawili mepesi. La kwanza ni la nondo iliyozibwa ncha zake joto lisipate pa kutokea. La pili ni la nondo ambayo ncha yake imeshikwa kwenye halijoto isiyobadilika, kama vile kuizamisha kwenye barafu inayoyeyuka. Katika yote mawili, namba zinazoamua kasi ya kupoa ni pai na vipande vyake: nusu ya pai, pai nzima, pai moja na nusu, na kuendelea. Mwanafunzi huziandika bila kushika kikokotoo.

Shida ni kwamba nondo nyingi haziishi katika hali hizo mbili. Ncha ya chuma ikiwa wazi hewani haijazibwa, wala haijashikwa kwenye halijoto ya hewa. Inapoteza joto kadiri inavyoweza kulitoa, na jinsi inavyopoa ndivyo inavyolitoa polepole zaidi. Hali hiyo ya katikati, ambayo ndiyo ya kila siku, huvuruga zile namba nzuri. Pai inatoweka, na mahali pake panakuja namba kama 0.8603 na 3.4256, ambazo hakuna fomula inayozitoa. Inabidi zitafutwe moja moja kwa hesabu ya kukaribia.

Tuchukue nondo moja na kuifuata mpaka mwisho. Ni ya stenlesi, yaani chuma kisichopata kutu, na ina urefu wa sentimita 15. Imetolewa kwenye tanuri ikiwa na nyuzi 130 za Selsiasi kuanzia ncha hadi ncha. Ubavu wake wote na ncha ya kushoto vimefungwa sufi ya kioo, na kwa sasa tuseme sufi hiyo ni kamilifu. Ncha ya kulia imeachwa wazi, na inapigwa na hewa ya nyuzi 30 inayosukumwa kwa nguvu kutoka kwenye mpira wa kompresa. Kwa hiyo joto lina mlango mmoja tu wa kutokea, nalo linapaswa kusafiri ndani ya chuma mpaka liufikie.

Ndani ya chuma, kasi ya safari hiyo inategemea uwezo wa chuma kupitisha joto. Kwa stenlesi uwezo huo ni wati 15 hivi kwa kila mita na kila nyuzi. Ni mdogo sana ukiulinganisha na shaba nyekundu, ambayo hupitisha zaidi ya mara 25 ya hapo. Mlangoni kuna sheria nyingine, ile inayohusishwa na Isaac Newton. Mwaka 1701 alichapisha makala fupi bila kutia jina lake, akieleza kwamba kitu cha moto hupoteza joto kwa kadiri kinavyoizidi hewa inayokizunguka: tofauti ikiwa maradufu, joto linalotoka nalo ni maradufu. Kiasi chenyewe hutegemea hewa inavyopita. Kwa mkondo wa kompresa tuchukue wati 100 kwa kila mita ya mraba na kila nyuzi ya tofauti.

Kwenye uso wa ncha, sheria hizo mbili lazima zikubaliane. Joto linalofika kutoka ndani ndilo hilo hilo linalochukuliwa na hewa, kwa sababu uso hauna unene wa kuhifadhia chochote. Sharti hilo lina sura ambayo mtu anaweza kuichora. Chora mstari unaoonyesha halijoto kutoka ncha ya kushoto hadi ya kulia. Ukifika mwisho wa chuma, endelea kuuchora kwa mwinamo ule ule, umenyooka, kwenda nje hewani. Kila wakati, nondo iwe ya moto au imeshapoa kiasi, mstari huo utaigusa halijoto ya hewa kwenye nukta ile ile. Umbali wa nukta hiyo kutoka kwenye ncha ni 15 ikigawanywa kwa 100, yaani mita 0.15.

Sentimita 15, sawasawa na urefu wa nondo yenyewe. Namba hizo nimezichagua makusudi ili uwiano wake uwe 1. Uwiano huo, urefu wa nondo ukigawanywa kwa umbali wa ile nukta ya nje, huitwa namba ya Biot, kwa jina la Mfaransa Jean-Baptiste Biot, aliyechunguza joto katika nondo za chuma mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kifupi huandikwa Bi. Ikiwa ndogo sana, kizuizi kikubwa kiko hewani. Ikiwa kubwa sana, kizuizi kiko ndani ya chuma. Ikiwa 1, hewa na chuma vinagombana kwa nguvu sawa, na hapo ndipo mikato ya haraka yote hushindwa.

Aliyetuonyesha namna ya kulitatua fumbo hili ni Joseph Fourier, mtu aliyekwenda Misri na jeshi la Napoleon mwaka 1798, kisha akateuliwa kuwa mkuu wa wilaya iliyokuwa na makao yake Grenoble. Katikati ya kazi za utawala aliandika kuhusu joto, na Desemba 1807 akauwasilisha waraka wake mbele ya wanazuoni wa Paris. Miongoni mwa waliopewa kuukagua walikuwa Lagrange na Laplace, na Lagrange hakuridhika nao. Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1822.

Wazo la Fourier ni kuivunja halijoto ya nondo kuwa jumla ya maumbo ya mawimbi, kila umbo likiwa na tabia moja ya pekee: linapofifia halibadiliki sura. Linapungua tu urefu, kwa kasi yake lenyewe, bila kujali mengine yanafanya nini. Mawimbi marefu hufifia polepole, kwa sababu joto lina njia ndefu ya kwenda kutoka kilele hadi bonde. Mafupi hufa haraka. Mtu akishajua maumbo yapi yanaruhusiwa, na kila moja lilianza likiwa kubwa kiasi gani, hesabu imekwisha.

Lakini yapi yanaruhusiwa? Hilo huamuliwa na ncha. Ncha ya kushoto imezibwa, joto halipiti, kwa hiyo mstari wa halijoto lazima uanze ukiwa tambarare. Wimbi linaloanza hivyo ni kosaini. Inabaki kujua wimbi limejikunja kiasi gani mpaka linapofika ncha ya kulia. Mkunjo huo hupimwa kwa rediani na huandikwa kwa herufi ya Kigiriki μ, isomwayo mu. Tukiliweka wimbi hilo kwenye sharti la mlangoni, mwinamo wa kosaini ukilingana na joto linalochukuliwa na hewa, tunabaki na mlinganyo mfupi:

```
μ tan μ = Bi
```

Kwa nondo yetu, mkunjo ukizidishwa kwa tanjenti yake lazima utoe 1. Wimbi lolote lisilotimiza hilo haliwezi kuishi ndani ya nondo hii.

Mlinganyo huo unaonekana mnyenyekevu, lakini haufunguki. Ungekuwa tanjenti peke yake, tungegeuza na kupata jibu. Ungekuwa μ peke yake au mraba wake, darasa la sekondari lingetosha. Hapa μ imekaa ndani ya tanjenti na nje yake kwa wakati mmoja, na kila ukijaribu kuitoa upande mmoja inabaki upande wa pili. Kwa hiyo hakuna njia ya kuiandika kwa fomula ya kawaida. Fourier mwenyewe alikutana na mlinganyo wa ukoo huu alipokuwa akihesabu mpira unaopoa hewani, na alichofanya ni kuchora: mstari mnyoofu na matawi ya tanjenti kwenye karatasi moja, kisha kuangalia yanapokatana.

Kuchora ndiyo hatua ya kwanza hata leo, na wanaoiruka hujuta. Tanjenti ina matawi yasiyokwisha. Kila tawi linaanzia chini kabisa, linavuka sifuri kwenye kigawe cha pai, kisha linapaa kwenda juu bila kikomo nusu ya pai mbele yake. Upande wa pili tuna mchirizi wa 1 ukigawanywa kwa μ, unaoanza juu na kushuka taratibu kuelekea sifuri bila kuigusa. Ukiutazama mchoro, jambo moja linaonekana wazi: mchirizi unaoshuka hukutana na kila tawi linalopaa mara moja tu, tena katika ile nusu ya tawi iliyo juu ya sifuri. Kwa hiyo mzizi wa kwanza uko kati ya 0 na nusu ya pai, wa pili kati ya pai moja na pai moja na nusu, wa tatu kati ya pai mbili na mbili na nusu. Kila chumba kina mzizi mmoja, na nje ya vyumba hivyo hakuna kitu.

Mchoro haukutupa namba, ila umetupa hesabu ya watu na anwani zao. Msako unaofuata ni wa kukata nusu kwa nusu. Chukua chumba cha kwanza, kutoka 0 hadi 1.5708. Upande wa chini mlinganyo unatoa thamani hasi, upande wa juu chanya. Mzizi uko katikati yao. Jaribu 0.7854: bado hasi, kwa hiyo tupa nusu ya chini. Jaribu 1.1781: chanya, tupa ya juu. Jaribu 0.9817, chanya, 0.8836, chanya, 0.8345, hasi. Baada ya mikato 14 nafasi iliyobaki haifiki 0.0001, na ndani yake iko 0.8603. Katika kompyuta kazi nzima ni mistari michache:

```python
from math import sin, cos, pi
Bi = 1.0
def f(m):
    return m*sin(m) - Bi*cos(m)
for n in range(5):
    a, b = n*pi, n*pi + pi/2
    s = f(a)
    for _ in range(50):
        c = (a + b)/2
        if s*f(c) > 0: a = c
        else: b = c
    print(round(c, 4))
```

Inatoa 0.8603, 3.4256, 6.4373, 9.5293 na 12.6453. Mtu ataona kwamba kadiri tunavyopanda, mizizi inazidi kusogelea vigawe vya pai: wa nne umeizidi pai tatu kwa kama 0.10 tu. Kule juu ncha wazi inakuwa kama iliyozibwa, kwa sababu mawimbi ni mafupi mno kuona mlango ulio mwembamba kiasi hicho. Kinachosumbua ni ile mizizi ya chini, na ndiyo hiyo yenye uzito.

Msomaji makini ameona kwamba programu haina tanjenti. Badala ya `m*tan(m) - Bi` imeandikwa saini na kosaini, baada ya kuzidisha pande zote kwa kosaini. Si urembo. Tanjenti hupaa hadi juu kabisa, kisha hutokea ghafla chini kabisa. Mtu akikata nusu kwa nusu kati ya 1 na 2, thamani upande mmoja ni chanya, 0.56, na upande wa pili ni hasi, kama 5.4 chini ya sifuri. Kompyuta itadhani kuna mzizi hapo, itaukimbiza kwa utiifu, na mwisho itatangaza 1.5708. Hapo hapana mzizi; pana ufa. Jibu hilo linadanganya vizuri kwa sababu ni nusu ya pai kamili, na macho ya mwanahisabati huvutwa na pai. Namna ya kulikamata ni kulirudisha kwenye mlinganyo: mzizi wa kweli hutoa sifuri, ufa hutoa namba kubwa ya kutisha.

Mtego wa pili ni wa wenye haraka. Kuna njia ya Newton, inayofuata mwinamo wa grafu na kuruka hadi pale mwinamo huo unapoigusa sifuri. Ikianzia karibu na mzizi, hufika kwa hatua mbili tatu. Ikianzia mbali, haina adabu. Ianzie 0.2 kwenye mlinganyo wenye tanjenti, ukitafuta mzizi wa kwanza. Pale grafu iko karibu tambarare, kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndefu mno: inaruka ufa wa nusu ya pai na kutua 2.535. Ya pili inaipeleka 3.436. Ya tatu inaituliza kwenye 3.426. Hesabu imekwisha salama, usahihi ni mzuri, hakuna onyo lolote kwenye skrini, na mzizi uliopatikana ni wa pili. Wa kwanza umerukwa. Dawa yake ni kuifunga njia hiyo ndani ya chumba: ikitaka kutoka nje ya mipaka iliyochorwa, irudishwe kwenye kukata nusu.

Sasa turudi kwenye nondo yetu. Namba ya kwanza, 0.8603, inasema wimbi refu kuliko yote litapungua kwa nusu kila baada ya dakika 88. La pili hupungua kwa nusu kila dakika tano na nusu, na la tatu kila dakika moja na nusu hivi. Kwa nondo iliyoanza ikiwa na halijoto sawa kila mahali, ukubwa wa mwanzo wa mawimbi hayo, ukipimwa kwenye ncha iliyozibwa, ni 1.1191, kisha hasi 0.1517, kisha 0.0466, kisha hasi 0.0217. Yakijumlishwa yanaikaribia 1 kwa kupita juu na chini yake. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwani mwanzoni nondo nzima ilikuwa juu ya hewa kwa nyuzi 100 kamili.

Baada ya dakika tano, ncha iliyo wazi imeshuka kutoka nyuzi 130 hadi 108.5. Ncha iliyozibwa bado iko 130. Habari ya mlango haijaifikia, kwa sababu stenlesi hupeleka habari za joto polepole. Baada ya saa moja, ncha iliyozibwa iko nyuzi 99.7 na ya wazi iko 75.5. Wakati huo wimbi la pili limekwisha kufa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimajoto chochote, na nondo yote inashuka kwa pamoja kwa mwendo wa wimbi la kwanza.

Hapo ndipo kosa la kuruka mzizi linapojificha. Tuseme mtu amekosa mzizi wa pili, akabaki na wa kwanza na wa tatu. Akikagua jibu lake la saa moja, atapata 99.7, sawa kabisa. Ataondoka ameridhika. Lakini akiangalia dakika ya tano, hesabu yake itamwambia ncha iliyozibwa iko nyuzi 138. Nondo imetolewa kwenye tanuri ikiwa 130, inapigwa na hewa baridi, na imepanda nyuzi 8. Hakuna hewa duniani inayofanya hivyo. Kwa hiyo ukaguzi wa jibu la namna hii hufanywa mwanzoni kabisa, pale mawimbi yote bado yako hai. Ni kosa la mzizi wa kwanza tu linaloonekana saa yoyote: bila huo, nondo baada ya saa moja ingekuwa nyuzi 30, imepoa yote.

Swali la haki ni je, kuna haja ya shida yote hii? Wahandisi wana mikato miwili. Wa kwanza ni kudhani nondo nzima ina halijoto moja, kama maji yaliyokorogwa. Kwa nondo yetu mkato huo ungesema tofauti na hewa hupungua kwa nusu kila dakika 65. Wa pili ni kudhani hewa ni kali kiasi kwamba ncha inashuka mara moja hadi nyuzi 30. Huo ungesema dakika 26. Jibu sahihi, tumeona, ni 88. Mikato yote miwili inaharakisha kupoa, kwa sababu kila mmoja umefuta kizuizi kimoja: wa kwanza umefuta kizuizi cha chuma, wa pili kizuizi cha hewa. Mkato wa kwanza hufaa Bi ikiwa chini ya 0.1 hivi, wa pili Bi ikiwa kubwa sana. Kati ya hapo, mizizi itafutwe.

Kabla ya kompyuta kila mtu alikuwa na jedwali mezani. Kitabu cha Carslaw na Jaeger kuhusu joto katika vitu vigumu, kilichotoka Oxford mwaka 1947, kina nyuma yake jedwali la mizizi sita ya kwanza ya mlinganyo huu kwa thamani nyingi za Bi. Mwaka huo huo Heisler alichapisha chati zake, ambazo msingi wake ni kutumia wimbi la kwanza peke yake. Ndiyo maana chati hizo hazifai kwa dakika za mwanzo. Mtu anayeanza leo na programu ya mistari kumi na miwili angefanya vyema kulinganisha mizizi yake na jedwali la zamani mara moja, kisha aendelee.

Sehemu inayopendeza zaidi ni kwamba hesabu hii ikigeuzwa, ugumu wote huisha. Mara nyingi mtu hajui hewa inachukua joto kiasi gani. Ile namba 100 tuliyoikubali mwanzoni ndiyo hasa anayoitafuta. Anatoboa tundu kwenye nondo, anaweka kipimajoto cha waya, na baada ya nusu saa ya kwanza anapima muda wa tofauti kupungua kwa nusu. Muda huo unampa μ. Akishaipata μ, anaizidisha kwa tanjenti yake, na Bi imepatikana kwa kikokotoo cha mfukoni. Kutoka Bi kwenda μ ni msako. Kutoka μ kwenda Bi ni kuzidisha.

Ila njia hiyo ina adui, naye ni ile sufi tuliyoiita kamilifu. Tuseme nondo ni ya milimita 20, unene unaopatikana kwa muuza vyuma, na imefungwa sufi ya sentimita tano pande zote. Sufi ya kioo hupitisha kama wati 0.04 kwa mita na nyuzi, kiasi kinachoonekana kama si kitu. Lakini ubavu ni mrefu na ncha ni ndogo. Ukihesabu, kwa kila nyuzi ya tofauti ncha wazi inatoa wati 0.031 na ubavu uliofungwa unavujisha wati 0.021. Theluthi mbili ya joto la mlangoni linapita ukutani.

Matokeo yake ni kwamba tofauti itapungua kwa nusu kila dakika 46 badala ya 88. Na haitatoa dalili: kwenye karatasi ya logi vipimo vitakaa kwenye mstari ulionyooka vile vile. Mpimaji asiyejua atachukua dakika 46, atapata μ ya 1.19, atazidisha kwa tanjenti, na kutangaza kwamba hewa inachukua wati 294 kwa mita ya mraba na nyuzi. Jibu ni 100. Amekosea karibu mara tatu kwa vipimo ambavyo havina kasoro hata kimoja.

Kipimajoto cha pili kinaokoa. Mvujo wa ubavu, ukiwa sawa kwa urefu wote, huharakisha kufifia kwa wimbi lakini haubadilishi umbo lake. Na umbo la wimbi la kwanza ni kosaini, kwa hiyo tofauti ya ncha wazi na hewa ikigawanywa kwa tofauti ya ncha iliyozibwa na hewa ni kosaini ya μ, iwe sufi inavuja au haivuji. Kwa nondo yetu uwiano huo ni 0.652, na unabaki hapo saa nzima inayofuata huku ncha zote mbili zikishuka. Mpimaji wa wati 294 angetarajia 0.374. Akiona vipimajoto vyake vinasema 0.652, anajua mstari wake ulionyooka umechanganya milango miwili. Anaachana na muda, anachukua μ kutoka kwenye uwiano, anapata 0.86, anazidisha kwa tanjenti, na Bi inarudi kuwa 1. Zile dakika 46 nazo hazipotei: akitoa sehemu ya ncha, kinachobaki ni kipimo cha sufi yake.

Kitu kimoja hakirekebishwi kwa njia hiyo. Kompresa ikizimwa na ncha ikaachwa kwenye hewa tulivu, hewa hupanda yenyewe kwa sababu imepashwa moto, na kasi ya kupanda kwake hutegemea halijoto ya ncha. Ile namba ya wati kwa mita ya mraba haibaki moja tena. Inashuka kadiri nondo inavyopoa. Mwinamo wa mlangoni hauigusi tena nukta ile ile ya nje, mawimbi yanaanza kuingiliana, na mlinganyo wa μ hauna maana ya kudumu. Kwenye karatasi ya logi hilo huonekana kama mstari unaopinda polepole kuelekea usawa. Anayeuona mpindo huo huiacha mizizi, huigawa nondo kwenye vipande vya milimita chache, na kuihesabu sekunde kwa sekunde.